Kapasita 470 µF, rezista 100 kΩ, betri 9 V: hesabu inanipa 6.49 V sekunde ya 60, mita inanipa 5.79 V

Kijana_wa_Ubungo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Niko mwaka wa pili wa diploma ya umeme hapa Dar. Tumepewa kazi ya kuchaji kapasita kupitia rezista, kutafuta tau, halafu kutaja volteji kwenye sekunde tuliyopangiwa. Mimi nimepangiwa sekunde ya 60. Vifaa nimenunua Kariakoo, nimevipanga kwenye bredibodi nyumbani: betri ya 9 V (nimeipima, inasoma 9.00), rezista 100 kΩ, kapasita 470 µF ya 25 V. Mita ni ile ya njano, DT830D, nimeishikiza kwenye miguu ya kapasita muda wote, na simu inahesabu sekunde.

Kwa karatasi, tau ni R mara C, yaani 100,000 × 0.00047 = sekunde 47. Kisha:

```
V = 9 × (1 − e^(−60/47)) = 6.49 V
```

Mita inanipa haya:

```
sek 20    2.77 V
sek 40    4.59 V
sek 60    5.79 V
sek 80    6.59 V
sek 120   7.45 V
sek 180   7.93 V
sek 240   8.07 V
sek 300   8.10 V
```

Baada ya hapo inasimama 8.12 na haipandi tena hata nikisubiri. Nikitafuta tau kwa njia ya asilimia 63.2 ya 9 V, yaani 5.69 V, napata sekunde 58. Kwa hiyo nina tau mbili, 47 na 58, na kapasita isiyojaa. Nimerudia na matokeo ni yaleyale. Sitaki kuandika kwenye ripoti kwamba "kuna makosa ya vifaa" bila kujua ni makosa gani. Nianzie wapi?

---

Fundi_Ampifaya

Kijana, kapasita hiyo imechoka. Kapasita za maji za siku hizi hazifiki thamani iliyoandikwa, na nyingi zinavuja. Kapasita nzima ikipita tau tano inajaa, ya kwako imesubiri zaidi ya hapo na bado iko 8.12. Inavuja hiyo. Nunua nyingine ya kampuni inayoeleweka, pima tena, utaona 9.

---

Kijana_wa_Ubungo

Ahsante mkuu. Ila nilinunua mbili pamoja. Ya pili nayo inasimama 8.1 na kitu. Zote mbili zivuje kwa kiasi kilekile?

---

Mnyamwezi_Tabata

Na mimi nisaidieni hapohapo. Feni langu la dari linazunguka polepole, fundi kasema kapasita. Niliyofungua imeandikwa 2.5 µF. Nikiweka ya 470 µF kama ya huyu kijana litakimbia zaidi?

---

Mama_Saketi

Mnyamwezi, usiweke. Hiyo 470 µF ina upande chanya na hasi na imetengenezwa kwa 25 V. Feni linakula umeme wa ukutani unaogeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Itapasuka. Nunua 2.5 µF ileile ya feni, iliyoandikwa 400 V au 450 V AC. Tena hilo ni jambo lingine kabisa, halihusiani na kuchaji kupitia rezista. Likikusumbua bado, lifungulie uzi wake.

Sasa kijana. Nimeangalia namba zako kwa makini na nimefurahi umeandika hadi sekunde ya 300, wengi huishia pale walipoulizwa. Jibu lipo kwenye 8.12. Hebu iache hiyo 60 kwanza.

Mita ya DT830 ikiwa kwenye volti za DC, ndani yake ni kama rezista ya 1 MΩ iliyoungwa kati ya waya mwekundu na mweusi. Ulipoishikiza kwenye kapasita, uliongeza rezista sambamba na kapasita. Umeme unaopita kwenye 100 kΩ haujazi kapasita peke yake, sehemu nyingine inapita kwenye mita na kurudi kwenye betri. Ni kama tangi la maji linalojazwa kwa bomba jembamba huku bomba la chini limeachwa wazi kidogo: maji yatapanda, lakini yatasimama pale yanayoingia yanapolingana na yanayotoka.

Pale yanaposimama tunaweza kupakokotoa. Kapasita ikishatulia haili tena umeme, kwa hiyo zinabaki rezista mbili zikigawana betri:

```
V mwisho = 9 × 1000 / (1000 + 100) = 8.18 V
```

Wewe umepata 8.12. Tofauti ya 0.06 tutaitafuta baadaye, ina mwenyewe pia. Ila ile 0.88 uliyokuwa unaitafuta, karibu yote imeliwa na mita.

---

Kijana_wa_Ubungo

Shikamoo mama. Nimeelewa hesabu ila kuna kitu kinanikwaza. Mita hiyohiyo nikiishikiza kwenye betri inasoma 9.00 sawasawa. Mbona pale haili kitu?

---

Mama_Saketi

Marahaba. Inakula vilevile. Kwenye betri inachota mikroampia 9 hivi, na betri inazitoa bila kushuka hata kidogo kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni omu chache tu. Kwenye kapasita, mkondo huohuo lazima upite kwanza kwenye 100 kΩ yako, na mikroampia 8 ukizipitisha kwenye 100 kΩ zinaacha 0.8 V humo. Mita haijabadilika. Kilichobadilika ni njia ambayo mkondo unapita kabla ya kuifikia.

---

Mzee_wa_Mshale

Anachosema mama ni kweli na ukitaka kukiona wazi zaidi tumia mita ya zamani ya mshale. Yangu imeandikwa 20 kΩ kwa kila volti. Kwenye renji ya 10 V inakuwa 200 kΩ tu. Saketi hiyohiyo yako itasimama 6 V pale, hata ukae hadi asubuhi. Enzi zetu tulifundishwa kuandika aina ya mita na renji pembeni ya kila kipimo. Vijana mnaandika namba tupu.

---

Fundi_Ampifaya

Sawa, mita inakula. Lakini mbona basi muda wake umerefuka? Ukiongeza rezista sambamba ukinzani unapungua, tau ingepungua. Yeye kapata 58 badala ya 47. Mimi bado nasema kapasita si 470.

---

Mama_Saketi

Fundi, hapo umegusa jambo la kweli na nitalitenganisha, kwa sababu ndani ya hiyo 58 kuna vitu viwili vimechanganyika.

Cha kwanza ni pale alipochukua asilimia 63. Alichukua asilimia 63 ya 9. Saketi yake haiendi 9, inaenda 8.12. Mpindo wa kuchaji unaujua mwisho wake wenyewe, haujui kilichoandikwa kwenye betri. Kwa hiyo tau ya saketi yake ni muda wa kufika asilimia 63.2 ya 8.12, ambayo ni 5.13 V. Kijana, angalia jedwali lako: 4.59 iko sekunde ya 40, 5.79 iko sekunde ya 60. 5.13 iko katikati hapo. Lakini usikate kwa rula moja kwa moja, kwa sababu kati ya pointi hizo mbili mstari umepinda. Chukua kipimo kimoja na ukigeuze:

```
τ = −t / ln(1 − V/Vmwisho)
τ = −60 / ln(1 − 5.79/8.12) = 48 s
```

Fanya hivyohivyo kwa sekunde ya 20, ya 40 na ya 80. Ukipata namba zinazokaribiana, ujue 8.12 ndiyo mwisho sahihi. Ukitumia 9 mahali pa 8.12, utaona tau inazidi kukua kadiri muda unavyokwenda. Hiyo ndiyo dalili kwamba mwisho uliochagua si wa saketi hiyo.

---

Kijana_wa_Ubungo

Nimefanya kwenye kikotoo cha simu. Kwa 8.12:

```
sek 20   47.9
sek 40   48.0
sek 60   48.1
sek 80   47.9
```

Kwa 9 nimepata 54.4, 56.1, 58.2, 60.7. Kweli inapanda kila hatua! Kwa hiyo tau ni 48, karibu na 47 yangu. Nimalizie hapo?

---

Mama_Saketi

Usimalizie. Huko kukaribiana ni bahati tu, na kutakudanganya. Sasa ndiyo nafika kwa hoja ya Fundi.

Hiyo 48 ni ya saketi yenye mita ndani. Kapasita inachajiwa kupitia 100 kΩ sambamba na mita, karibu 90 kΩ. Kama kapasita ingekuwa 470 kamili, tau ingekuwa 90,000 × 0.00047, sekunde 42 na kitu. Umepata 48. Basi kapasita yenyewe ni 48 gawanya kwa 90,000, kama 530 µF. Fundi yuko sahihi kwamba si 470. Lakini haijachoka. Kapasita za aina hii huuzwa kwa asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo 530 iko ndani kabisa ya kilichoahidiwa. Iliyochoka hushuka thamani, hii iko juu.

Ndiyo maana nasema ni bahati: mita ilipunguza tau kwa asilimia 10, kapasita ikaiongeza kwa asilimia 13, zikafutana. Ungepewa kapasita iliyo chini ya thamani, ungeona 38 na ungechanganyikiwa vibaya zaidi.

---

Fundi_Ampifaya

Kwa hilo la thamani tumeelewana mama. La kuvuja bado sijalitoa kichwani. Unayo ile 0.06 yako.

---

Mama_Saketi

Ninayo, na kuna kipimo cha kuitenganisha bila kununua chochote. Kijana, fanya hivi. Toa mita kabisa. Chaji kutoka sifuri, na kabla ya hapo gusanisha miguu ya kapasita kupitia rezista ndogo, 100 Ω inatosha, uishikilie dakika nzima. Acha saketi ichaji peke yake dakika kumi. Kisha gusa kwa mita na usome namba ya kwanza inayotulia, halafu endelea kushika uone inakwenda wapi.

Kama ni mita inayokula, utaanza karibu na 9 kisha utashuka taratibu kurudi 8.12. Kama kapasita ndiyo inayovuja sana, utaanza chini tangu mwanzo.

---

Kijana_wa_Ubungo

Nimefanya. Namba ya kwanza: 8.93. Kisha ikaanza kushuka mbele ya macho yangu, 8.90, 8.85, ikaja kutulia 8.12. Nimepima na ile kapasita ya pili, 8.94.

---

Mama_Saketi

Vizuri sana. Basi bila mita saketi yako inafika 8.93. Kwenye 100 kΩ inabaki 0.07 V, yaani kuna mikroampia 0.7 inayopita muda wote hata kapasita ikishatulia. Hiyo ndiyo kuvuja kwa Fundi. Ipo, lakini ni ndogo mara kumi na zaidi kuliko ya mita. Ukiichukulia kama rezista, ni karibu 13 MΩ. Iweke sambamba na 1 MΩ ya mita ukokotoe tena volteji ya mwisho: utapata 8.12 uliyoisoma. Hesabu imefunga.

Sasa rudi kwenye swali lako la sekunde ya 60. Tau bila mita ni karibu 530 µF mara 99 kΩ na kidogo, sekunde 53. Mwisho wake 8.93:

```
V = 8.93 × (1 − e^(−60/53)) = 6.05 V
```

Kwa hiyo kwenye sekunde ya 60 kapasita yako, ikiachwa bila kusumbuliwa, si 6.49 na si 5.79. Ya kwanza ni ya kapasita iliyoandikwa, ya pili ni ya kapasita inayonyonywa na mita. Usiniamini kwa hesabu tu. Chaji kutoka sifuri bila mita, na sekunde ya 60 ndipo uguse. Hapo volteji inapanda kama 0.05 V kila sekunde, kwa hiyo ukichelewa sekunde moja itaonekana kwenye tarakimu ya pili.

---

Kijana_wa_Ubungo

6.08! Nimerudia, 6.03. Mama, Mungu akubariki. Sasa kwenye ripoti niandike ipi?

---

Mwl_Kigamboni

Naingia kama anayesahihisha ripoti za namna hii. Sehemu ya nadharia andika 6.49, kwa sababu swali linakupa 470 na 100 na 9, na mtihani hautakupa mita. Sehemu ya vipimo weka jedwali lako lilivyo, usilirekebishe lifanane na nadharia. Kisha onyesha 8.12 na 8.93 na jinsi ulivyopata tau kwa kila hali. Mwanafunzi akinionyesha kwamba tau yake inapanda kila hatua akitumia 9, ila inatulia akitumia 8.12, mimi najua ameelewa mpindo huo. Maneno "makosa ya vifaa" peke yake siyapi alama hata moja.

Na kama una muda, fanya upande wa kutoa chaji pia. Ni mwepesi kuliko kuchaji kwa sababu mwisho wake unaujua: ni sifuri, mita iwepo au isiwepo.

---

Kijana_wa_Ubungo

Mwalimu shikamoo. Kutoa chaji nimekufanya kidogo. Nilijaza kapasita moja kwa moja kwenye betri hadi 9.00, nikaondoa betri, nikaiacha imwagike kupitia 100 kΩ huku mita ipo. Ilifika 4.50 sekunde ya 33, na 2.25 sekunde ya 67. Hiyo nayo ina mita ndani, sivyo?

---

Mwl_Kigamboni

Marahaba. Ndiyo, ina mita ndani, ila tazama ulivyobahatika kuchagua 4.50 na 2.25. Nusu ya kwanza imechukua sekunde 33, nusu ya pili 34. Kila kushuka nusu kunachukua muda uleule, na muda huo ni 0.693 ya tau. 33.3 gawanya kwa 0.693 ni 48. Tau ileile ya kuchaji na mita. Ukiona nusu ya pili inachukua muda mrefu zaidi wazi kuliko ya kwanza, ujue kuna kitu kinachobadilika njiani, mara nyingi kuvuja kunakopungua volteji ikishuka.

Ukitaka kuondoa suala la mita kabisa katika jaribio, tumia rezista 10 kΩ na kapasita 4700 µF. Tau kwenye karatasi inabaki 47, lakini mita ya 1 MΩ mbele ya 10 kΩ inakula asilimia moja tu. Kuvuja kwa kapasita kubwa nako huwa kukubwa, ila 10 kΩ haikuhisi sana.

---

Dj_Mbagala

Wakuu nimesoma uzi wote na nadhani tatizo langu ni ndugu wa hili. Nina friza la kuuzia juisi. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo kompresa inaguna. Nikajitengenezea saketi ya kuchelewesha dakika 3: 12 V, rezista 220 kΩ, kapasita 1000 µF, inaenda kwenye beisi ya transista inayowasha rilei. 220 mara 1 nikapata tau sekunde 220, nikasema inatosha. Rilei haiwaki kabisa. Inatoa kamlio kadogo ukiweka sikio, basi. Nibadilishe kapasita?

---

Mama_Saketi

Dj, ni ndugu wa tumbo moja. Mita ya kijana ilimnyonya kidogo, transista yako inakunyonya mno.

Beisi ya transista inaanza kupitisha mkondo ikifika kama 0.65 V, na hapo inaishikilia kapasita isipande tena. Kwa hiyo hujawahi kuutumia mpindo wako ila kipande cha mwanzo kabisa. Kufika 0.65 kati ya 12:

```
t = −220 × ln(1 − 0.65/12) = 12 s
```

Sekunde 12 badala ya 180. Na baada ya hapo unachopata kwenye beisi ni kile kinachopita kwenye 220 kΩ, yaani (12 − 0.65) gawanya kwa 220,000, mikroampia 52. Transista ikikuza mara 100 unapata miliampia 5. Rilei ya 12 V yenye koili ya 400 Ω inataka 30. Hicho kimlio ni koili ikijaribu. Ukiongeza kapasita utachelewesha kushindwa tu. Ukipunguza rezista rilei itawaka, lakini dakika 3 zimekwenda.

Kinachotakiwa ni kitu kinachoitazama kapasita bila kuinyonya. Kompareta ya LM393 inachota makumi ya nanoampia tu, ndogo sana kuliko zote tulizozungumzia. Kapasita iende pini moja, pini ya pili iende kwenye rezista mbili zinazogawa 12 V hiyohiyo, 10 kΩ juu na 12 kΩ chini. Hapo inabadilika ikifika 6.55 V, na muda ni kama sekunde 173. Raha ya kugawa 12 V hiyohiyo ni kwamba 12 ikishuka kuwa 11, vyote viwili vinashuka pamoja na muda haubadiliki. LM393 haiwezi kubeba koili peke yake, iache iwashe transista, na transista ndiyo iwashe rilei. Usisahau dayodi ya kurudisha kwenye koili.

---

Fundi_Ampifaya

Na asilimia 20 ya kapasita mama, usimfiche. Sekunde 173 zinaweza kuwa 140 au 208. Ningemwekea rezista ya kuzungusha badala ya ile 12 kΩ, apime kwa saa.

---

Mama_Saketi

Sahihi kabisa Fundi, aweke hiyo. Na kuna jambo zito zaidi ambalo Dj hajaliuliza: kutoa chaji. Umeme ukikatika sekunde 20 kisha ukarudi, kapasita yako itakuwa imepoteza nini? Ikimwagika kupitia 220 kΩ peke yake, 12 inashuka hadi 12 × e^(−20/220), karibu 11 V. Umeme ukirudi kompareta inaona 11, inawasha friza papo hapo. Umejenga saketi ya kuchelewesha isiyochelewesha siku ile hasa unayoihitaji.

Weka dayodi sambamba na 220 kΩ, mstari wa dayodi ukielekea kwenye 12 V. Wakati wa kuchaji dayodi imefungwa na haipo kwenye hesabu. Umeme ukikatika, 12 V inaanguka na kapasita inamwagika kupitia dayodi kwenda upande ule, mradi kuna kitu cha kuila kule, kama koili ya rilei. Inabaki nusu volti hivi. Upande wa rilei unaogusa friza ni umeme wa ukutani, huo mwachie fundi umeme aufunge na aufunike.

---

Dj_Mbagala

Nimekupata mama. Dayodi 1N4007 ninazo nyumbani, LM393 nitaitafuta kesho. Nikimaliza nitaleta majibu.

---

Kijana_wa_Ubungo

Mama na mwalimu, ripoti nimeandika ila ile mikroampia 0.7 inanisumbua. Bredibodi yangu ni ya siku nyingi na chumba kina unyevu, msimu huu hata chumvi inalowa mezani. Je, inayovuja ni kapasita au ni bredibodi?

Nimejaribu hivi. Nimejaza kapasita hadi 9.00 ikiwa kwenye bredibodi, nimetoa rezista na betri, nimeiacha nusu saa, nimegusa: 7.0 V. Kisha nimeichomoa, nimeijaza tena, nimeilaza juu ya kipande cha plastiki kikavu nusu saa: 7.4 V. Kwa hiyo bredibodi inahusika?

---

Fundi_Ampifaya

Inahusika. Bredibodi za bei rahisi zinashika vumbi na jasho la vidole ndani ya matundu. Dar hii ya pwani usishangae.

---

Mwl_Kigamboni

Mimi sikubali haraka hivyo. Kapasita ya aina hii iliyokaa dukani muda mrefu inavuja zaidi mwanzoni, na kuvuja kunapungua kadiri inavyokaa kwenye volteji. Kijana kaanza na bredibodi, kisha kaja hewani. Mara ya pili kapasita ilikuwa tayari imekaa kwenye volteji muda zaidi. Hiyo peke yake inaweza kutoa 7.4.

---

Mama_Saketi

Nami siwezi kuamua kwa vipimo hivyo viwili. Mwalimu ana hoja, na kuna nyingine: kapasita iliyojazwa dakika moja tu inaendelea kumeza chaji kidogo ndani yake hata ukiondoa betri, na kwa nje inaonekana kama inavuja. Kijana, iache kwenye betri usiku kucha kwanza. Asubuhi pima hewani kisha kwenye bredibodi, halafu urudie kwa mpangilio wa kinyume, kila mara nusu saa ileile. Tofauti ikimfuata bredibodi katika mipangilio yote miwili, Fundi atakuwa amepata. Ikifuata mpangilio, mwalimu.

---

Kijana_wa_Ubungo

Sawa mama. Ipo kwenye betri tangu sasa hivi, na ile ya pili nimeiweka nayo kwenye betri nyingine ili nipime zote mbili. Nitaleta namba kesho jioni nikitoka chuo.